Kitu kilizunguka, na haikuwa robine

Saa kumi na moja jioni, niko magoti chini ya lavabo, tochi ya simu nimeiuma kwa meno, kle ya meno mkononi, na ile robine ndogo ya ukutani inakubali kuzunguka.

Nilifurahi sekunde mbili tu.

Juu asubuhi yake nilikuwa nimechora mstari mmoja kwa marker, kutoka kwenye mwili wa robine, ukapita juu ya mansho, ule mkono mfupi wa chuma nyuma yake, ukamalizikia kwenye karo ya ukuta. Robine ingekuwa inatoka kweli, mstari ungevunjika pale robine inapoingia ndani ya mansho. Haukuvunjika pale. Robine na mansho bado walikuwa wamenyooka pamoja kama ndugu, na mstari ulikatika nyuma yao, pale kwenye karo. Kama milimita tatu hivi.

Maana yake kitu kilizunguka ndani ya ukuta.

Nikaweka kle chini polepole, kama mtu ameweka yai.

## Ile ya jikoni

Ili muelewe kwa nini milimita tatu zilininyima usingizi, niwaambie ya jikoni. Mwaka uliopita robine ya namna ile ile, ya kona, ile plombie wanaita robine ya eker, ilikataa kufunga jikoni. Tukaita kijana fundi. Akaja na kle kubwa, ikashindwa, akaingiza kipande cha tiyo kwenye mkono wa kle ili aurefushe, akavuta kwa mwili mzima. Tukasikia kitu kama biskuti inavunjika. Robine ilitoka, ndiyo, lakini ilitoka na kipande cha tiyo ndani yake, na kipande kingine kikabaki kwenye ukuta, hakionekani, hakishikiki. Karo saba zilivunjwa kukitafuta. Mama mwenye nyumba alikuja kuangalia lile shimo, hakusema neno, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko angepiga kelele.

Sisi tuko Ibanda, Bukavu, kwenye nyumba ya zamani, tiyo za ndani bado ni za galva. Wenye tiyo za plastiki wana shida zingine.

Ni baadaye njo nilielewa ile sauti ya biskuti ilitoka wapi. Tiyo ya galva ya nusu inchi, ile dukani wanaita 15/21, chuma chake kina unene wa milimita mbili na nusu hivi, kidogo zaidi. Sasa ukikata fileti juu yake, ile hesi inakula zaidi ya milimita moja ya unene huo. Pale pale kwenye kiungo, ambapo nguvu yote ya kle inapita, chuma kimebaki karibu nusu. Na ile ngozi ya zinki inayozuia kutu, mashine ya kukata fileti inaitoa pale pale. Halafu unafunga juu yake robine ya shaba nyeupe-njano, ile ya leto, na shaba na chuma vikikaa pamoja kwenye maji, chuma njo kinaliwa. Kinaliwa kwa upande wa ndani, miaka na miaka, na kutu inayozaliwa inavimba na kujaza hesi mpaka vinashikana kama vimechomelewa.

Kwa hiyo robine iliyoganda haikai peke yake. Nyuma yake kuna tiyo iliyokonda. Wewe unaona robine, nguvu yako inaenda kwa tiyo.

## Siku mbili za kutofanya kitu

Hii ya bafuni ilikuwa inavuja kwenye shina, tone moja kila sekunde tano, na kitasa chake hakikuzunguka tena. Kabla ya kuigusa nilienda kwa muzee mmoja jirani, plombie wa zamani, amestaafu, anakaa nje ya nyumba yake na redio. Nikamuuliza nianze na kle gani.

"Anza na brosi," akasema. "Kle itakuja kesho kutwa."

Nilidhani anatania.

Nikafunga maji kwenye vana ya kompta, nikafungua robine ya uani, ile ya chini kabisa, maji ya ndani yakamalizika yote. Sisi tuko mteremko kwa hiyo yanashuka vizuri. Nikatoa ile sahani ya nikeli inayofunika shimo la ukuta. Hapo njo niliona kwamba robine haikuingia moja kwa moja ukutani. Kulikuwa na mansho, ule mkono mfupi wa chuma wenye hesi ndani, umechomoza kidogo nje ya karo. Robine imeingia kwenye mansho kwa mbele, na kwa nyuma mansho imefungwa juu ya kipande kifupi cha tiyo, mamelo, kinachoingia kwenye kude, ile kona ya tiyo ndani ya ukuta. Viungo vitatu, kwa mstari mmoja. Kumbukeni hiyo juu hadithi yote iko hapo.

Nikapiga brosi ya nyuzi za chuma mpaka ule uchafu wa kahawia na chokaa vikatoka na nikaona ukingo wa hesi. Mafuta hayapiti kwenye ukoko. Halafu degripa, yale mafuta mepesi ya kopo ya kulegeza kutu. Shida ni kwamba robine imelala, ukipulizia mafuta yanadondoka chini yote, karo inakunywa. Muzee alinionyesha: chukua uzi wa pamba, ule wa kushona magodoro, uzungushe mara tatu nne pale kwenye kiungo, uuloweshe, ufunge juu na kipande cha nailoni. Uzi unashikilia mafuta pale pale yanapotakiwa. Asubuhi na jioni unaongeza. Na kila ukiongeza unagonga mansho na nyundo ndogo, ko ko ko, kwa kuzunguka pande zote, si kwa nguvu ya kupinda, ni ya kutetemesha tu ile kutu ipasuke njia ndogo mafuta yapite.

Siku mbili. Tulioga kwa ndoo na watoto walifikiri ni sherehe.

Rafiki yangu mmoja aliniambia napoteza muda, chukua shalimo, choma, itafunguka dakika tano. Nikapeleka hilo wazo kwa muzee na akazima redio kabisa. Moto, akasema, hausimami pale unapoupeleka. Chuma kinaubeba mpaka kwenye kude ndani ya ukuta, na ile filasi iliyofungwa pale miaka hiyo yote ni nyuzi za mmea tu, inaungua. Robine itatoka, utafurahi, utafunga mpya, na baada ya mwezi rangi ya chumba cha nyuma itaanza kuvimba. Tena kama kuna maji yamebaki kwenye tiyo na pande zote zimeziba, yanageuka mvuke na yatatafuta mlango. Na nilikuwa nimetoka kulowesha kila kitu kwa mafuta yanayoshika moto.

Bo. Shalimo ikabaki kwa mwenyewe.

## Milimita tatu

Siku ya tatu jioni njo ile niliyoanza nayo. Kosa langu lilikuwa moja na ni la kijinga juu nilikuwa nimeambiwa: nilitumia kle moja. Muzee alisema mbili, moja inakamata mansho isisogee, nyingine inazungusha robine, mikono inavutana yenyewe kwa yenyewe na ukuta haujui chochote. Mimi kle ya pili ilikuwa kwa jirani, nikasema nijaribu tu kidogo.

Kidogo ilikuwa milimita tatu.

Usiku ule nililala na swali moja: ni kiungo gani kimesogea? Kama ni mansho imezunguka juu ya mamelo, hiyo iko nje, inaonekana, inarekebishika. Kama ni mamelo imezunguka ndani ya kude, hiyo filasi ya zamani iliyokauka imeshaachia na sitaiona mpaka ukuta uloe. Na kwa macho vyote viwili vinafanana kabisa, juu mamelo ilikuwa imejificha nyuma ya mansho na saruji.

Nilifikiria kukaza tena ili nirudishe ile milimita tatu na ninyamaze. Nani angejua?

Asubuhi nikaenda kusema. Muzee hakunigombeza, aliuliza tu: "Mstari wa mamelo uko wapi?"

Sikuwa na mstari wa mamelo.

## Sentimita moja ya ukweli

Akaja mwenyewe, polepole, kwa fimbo. Akachukua bisibisi ya zamani na nyundo, akaanza kukwangua saruji kuzunguka mansho, kwa nyuma, kama mtu anasafisha jino. Bila kugusa karo. Shimo lote lile baadaye linafunikwa na sahani ya nikeli, kwa hiyo una nafasi ya bure pale, watu hawaitumii. Baada ya nusu saa ilionekana mamelo, sentimita moja hivi ya tiyo, ya kijivu na madoa ya kutu. Akapangusa, akachora mstari wa pili: kutoka mamelo mpaka kwenye saruji. Na wa tatu kutoka mamelo mpaka mansho.

Halafu akazungusha kuelekea kukaza.

Nilishtuka. Akasema kutu inashika pande zote mbili, lakini ukiisukuma kwanza kidogo upande wa kukaza, unywele mmoja tu, inapasuka bila kuvuta hesi nje. Halafu unarudi upande wa kufungua, unywele mmoja. Mafuta. Unarudi tena. Akaniambia nisiangalie kle, niangalie mistari, nimwite kama ule wa mamelo na saruji unavunjika.

Haukuvunjika. Uliovunjika ulikuwa ule wa mansho na mamelo.

Kwa hiyo jana yake pia ilikuwa mansho. Nilikaa chini kwenye karo kabisa.

Na hapo njo alibadilisha mpango wote, na hii ndiyo sehemu inanirudia kichwani wiki zote hizi. Mimi nilikuwa bado nafikiria robine: tukamate mansho, tutoe robine. Yeye akasema, robine ya nini? Imeganda kwenye mansho, mansho imeanza kuachia mamelo. Acha wafuatane. Kiungo kilichokubali kufunguka kiko upande wetu wa ukuta, tutoe vyote viwili pamoja, mansho mpya ni kitu kidogo dukani, ukuta si kitu kidogo.

Siku tatu nilipigana na kiungo kigumu na kile laini kilikuwa sentimita tatu nyuma yake.

Ilichukua karibu dakika arobaini, mbele nyuma, mbele nyuma, mafuta, ko ko ko. Mara mbili mamelo ilitaka kufuata, mstari ukaanza kupinda, akaacha palepale, akaongeza mafuta, tukanywa chai. Unasikia kwa mkono, alisema: kutu ikipasuka unapata kama mshtuko mdogo mkavu, tak, halafu inakuwa nyepesi. Tiyo ikitaka kuvunjika hakuna mshtuko, inakuwa laini laini kama unapinda waya wa moto. Ukisikia ule ulaini, acha, ata kama umebakiza robo mzunguko.

Mansho ilitoka na robine kichwani mwake.

## Kuangalia kilichobaki

Fileti ya mamelo ilikuwa mbaya lakini ilikuwa ipo. Tukaipiga brosi kavu. Kipimo chake kilikuwa hivi: chukua mansho mpya, funga kwa vidole bila kitu chochote. Ikiingia mizunguko mitatu au minne halafu ikaanza kukaza, hesi bado iko na koni yake, endelea. Ikiteleza mpaka mwisho bila kukaza, au inayumba kama jino la mtoto, hesi imekwisha na hakuna filasi itakayokuokoa, pale lazima ukuta ufunguliwe kwa heshima, mchana, na mtu anayejua. Yetu iliingia mitatu na kidogo.

Nilikuwa nimeshanunua teflo, ule utepe mweupe wa kuziba hesi, kule sokoni Kadutu. Muzee aliirudisha kwenye mfuko. Kwenye hesi iliyoliwa na kutu alitaka filasi na pasta, juu zile nyuzi zinajaza mashimo, na zikilowa zinavimba. Alikwaruza hesi kidogo kwa msumeno wa chuma ili nyuzi zishike zisiteleze, akazungusha kufuata upande wa kukaza, nyembamba mbele na nene nyuma, akapaka pasta juu.

Kuna sababu ya pili na hiyo sikuwa najua. Robine ya kona lazima mdomo wake uangalie juu ikimaliza. Kwa teflo, ukipita ile nafasi huwezi kurudi nyuma, ukirudi tu imeanza kuvuja, inabidi utoe uanze upya. Filasi inakusamehe, unaweza kurudi kidogo, kama moja ya nane ya mzunguko.

Robine mpya ilikuwa 15/21 kwa 12/17, yaani nusu inchi upande wa ukuta na ile ndogo upande wa fleksibo. Mimi nilichukua ya kwanza niliyoonyeshwa kwenye kenkayeri, inang'aa. Muzee akaikwaruza kwa ncha ya msumari kwenye hesi: kijivu. Nikairudisha. Ya leto ikikwaruzwa inatoka njano, na ni nzito mkononi. Ile ya kijivu inavunjika shingo, na mnajua tayari nini kinabaki ukutani.

Kuifunga kwenye mansho mpya, kle mbili, hii mara hata mimi sikubishana. Fleksibo haina teflo wala filasi, iko na jwen yake ya mpira: mkono mpaka inagusa, halafu robo mzunguko kwa kle. Ukiipita hapo unakata mpira.

## Ekru ya chini ya lavabo, kwa haraka

Kwa kuwa tulikuwa pale, robine ya juu ya lavabo nayo ilibadilishwa, na ekru yake chini ilikuwa imeoza kabisa. Hii ilikuwa hadithi fupi. Muzee alifunga plasta kwenye ncha moja ya jani la msumeno ili ashike, akaikata ekru pembeni, kwa urefu, mpaka karibu na hesi, akaipanua kwa bisibisi, ikapasuka. Hakupigana nayo. Robine ya zamani inatupwa na ekru inatupwa, unahurumia nini? Cha kuhurumia ni kauri ya lavabo: huipigi nyundo, huiegemezei bisibisi, na unaweka kitambaa kati ya msumeno na lavabo. Dakika kumi na tano.

## Saa nane za usiku

Kufunga ni mchana lakini mtihani ni usiku, juu kwetu maji yanakuja na nguvu usiku. Mchana tiyo inapumua tu, huwezi kujua kitu. Nilifungua vana ya kompta robo, nikaacha hewa itoke, halafu nikalala nusu usingizi mpaka saa nane nilipoisikia inanguruma.

Nikazungusha karatasi ya choo kwenye kila kiungo, moja baada ya moja, karatasi kavu inaonyesha unyevu ambao kidole hakioni. Kavu. Kavu. Nyuma ya mansho, kwenye mamelo, nikaikandamiza muda mrefu. Kavu. Sahani ya nikeli sikuirudisha, niliacha shimo wazi wiki nzima.

Halafu nikatoka nje na kanga mabegani kuangalia kompta. Robine zote za nyumba zimefungwa, kwa hiyo kale kagurudumu kadogo katikati hakapaswi kuzunguka hata kidogo. Nilikamulika nusu saa. Mlinzi wa jirani aliniuliza kama kuna mgonjwa.

Hakakuzunguka.

Bado kwa wiki tatu kila asubuhi niligusa ule ukuta kwa kiganja, upande huu na upande wa chumba cha watoto, na nilikuwa na wazo moja linalonikera ambalo sikumwambia mtu: pengine ingetoka tu. Pengine ningevuta zaidi kidogo ile jioni ya kwanza, kle moja, robine ingekubali, na hii sherehe yote ya mistari na nyuzi za pamba ilikuwa uoga wa mtu aliyeona karo saba zikivunjwa.

Jumamosi iliyopita nilikuta ile robine ya zamani bado kwa muzee, na mansho yake, kwenye sanduku. Nikamwomba tuifungue. Tukabana mansho kwenye jiliwa, ile tunaita eto, kwenye meza ambayo imefungwa kwenye saruji. Mjukuu wake akachukua kle kubwa. Haikusogea. Akaingiza tiyo ya mita moja kwenye mkono wa kle, nikamsaidia, wawili, miguu ukutani.

Tak haikuja. Ule ulaini njo ulikuja, kama waya wa moto, na shingo ya robine ikakatika, tukaanguka wote wawili. Hesi ya leto ilibaki yote ndani ya mansho, haikuwa imezunguka hata unywele. Mstari wangu wa marker ulikuwa bado unaonekana kidogo, umenyooka.

Muzee aliinua mansho akaangalia tundu kwenye jua. Kutu ilikuwa imeacha nafasi ya kupitisha penseli. Akanipa.

"Peleka kwa mama mwenye nyumba," akasema, na akawasha redio.